Uzi: Mteja ana asilimia 20, A anauza hisa zake zote. Nimechambua mkataba wa wanahisa, naomba mnikosoe

Sitaki_Haraka (mleta uzi)

Wakuu, habari za siku nyingi. Naomba jicho lenu kwenye kazi niliyo nayo mezani.

Nina mteja mwenye hisa chache kwenye kampuni ambayo hisa zake haziuzwi sokoni. Wanahisa wako watatu. Hisa zote ni 1,000,000: A ana 480,000, B ana 320,000, mteja wangu ana 200,000. A ametoa notisi kwamba anauza hisa zake zote kwa bei ya 10 kila moja. Mteja kanikabidhi mkataba wa wanahisa wenye kurasa 60 na ushee, anataka nimtolee mambo manne kwenye karatasi mbili: vizuizi vya kuhamisha hisa, haki ya kununua kwanza, haki ya kuburutana kwenye mauzo, na mkwamo.

Nilichopata ni hiki. Kifungu cha 9 kinakataza kuhamisha hisa bila kufuata utaratibu, isipokuwa kuhamishia ndugu wa karibu au kampuni inayomilikiwa yote na mwanahisa mwenyewe. Kifungu cha 10 kinasema anayeuza awape wenzake nafasi ya kununua kwa uwiano wa hisa zao, siku 21, na kisichochukuliwa anaweza kumuuzia mtu wa nje ndani ya siku 60 kwa bei isiyopungua ile. Kifungu cha 12 ndicho cha kuburuta: wanahisa wenye asilimia 75 au zaidi ya hisa zilizotolewa wakikubali kuuza, wanaweza kumlazimisha aliyebaki naye auze. Kifungu cha 15 ni mkwamo: jambo la Jedwali la 3, yaani yale makubwa kama mikopo mikubwa na kuuza mali kuu, likikwama, mmoja anataja bei na mwenzake anachagua kuuza au kununua kwa bei hiyo.

Kwenye kuburuta nimeandika kwamba hatari ni ndogo, kwa sababu A na B wanatakiwa kuungana ndipo wafike 75, na sasa A anaondoka. Je, karatasi hii inafaa kumpa mteja?

---

Mzee wa Bodi

Kazi nzuri mkuu. Mimi nimekaa kwenye bodi miaka mingi, na mteja wako namwona yuko salama kuliko anavyodhani. A hawezi kumuuzia mtu yeyote bila kuanza na nyinyi. Mwambie atulie, asikimbilie kutoa hela, asubiri aone mnunuzi wa nje ni nani. Na hata siku wakimburuta, sheria ya kuburuta ni kwamba anapata bei ileile wanayopata wakubwa. Hakuna anayeweza kumnyonya.

---

Kalamu Nyekundu

Sitaki_Haraka, vifungu umevisoma sawasawa, tatizo ni kwamba kila kimoja umekiweka kwenye chumba chake. Mteja hataishi ndani ya kifungu cha 10 peke yake. Ataishi ndani ya tukio, na tukio moja hupita kwenye vifungu vitatu.

Chukua tukio lililoko mezani. A anauza 480,000. Mteja akikaa kimya, B anaruhusiwa kuzichukua zote. B atakuwa na 320,000 jumlisha 480,000, yaani 800,000. Hiyo ni asilimia 80. Kiwango cha kuburuta ni 75. Kwa hiyo siku ambayo rejista ya wanahisa itabadilishwa, B peke yake ataweza kumburuta mteja wako bila kumwomba mtu. Ulipoandika "hatari ni ndogo" ulihesabu leo. Hesabu siku baada ya notisi.

Mzee wa Bodi, kwa heshima zote, ushauri wa kusubiri ndio unaompeleka pale. Na bei ileile ni kweli, lakini ni bei ileile ya nani? Sitaki_Haraka, naomba ubandike hapa kifungu cha 12 chenyewe, hasa panapomtaja mnunuzi.

---

Sitaki_Haraka

Hiki hapa mkuu, nimenakili neno kwa neno:

"12.1 Wanahisa wanaomiliki asilimia 75 au zaidi ya hisa zilizotolewa (Wauzaji) wakikubali kuuza hisa zao zote kwa mtu yeyote (Mnunuzi), wanaweza kwa notisi kuwataka wanahisa wengine wote wauze hisa zao kwa Mnunuzi huyo kwa masharti yaleyale.

12.5 Mwanahisa atakayeshindwa kusaini hati za uhamisho ndani ya siku 5 anamteua mkurugenzi yeyote kuwa wakala wake wa kusaini kwa niaba yake.

12.7 Kifungu hiki kitatumika bila kujali kifungu cha 10."

---

Kalamu Nyekundu

Ahsante. Angalia "mtu yeyote". Mkataba uliofikiriwa vizuri upande wa mwenye hisa chache husema mnunuzi wa nje asiyehusiana na wauzaji, na ofa iwe ya kweli. Huu hausemi hivyo. B akiwa na asilimia 80 anaweza kufungua kampuni yake nyingine, akaiuzia hisa zake kwa bei ya 3, na mteja wako akalazimika kuuza kwa 3. "Masharti yaleyale" yametimia, maana B naye ameuza kwa 3. Tofauti ni kwamba B amejilipa mwenyewe kutoka mfuko huu kwenda mfuko ule. Bei ya chini kabisa haijawekwa, na kwa 12.7 haki ya kununua kwanza haipo tena. Kwa 12.5 hata akigoma kusaini, mkurugenzi atamsainia.

Mahakama nyingi zinaweza kumsikiliza mwanahisa aliyeonewa kwa mbinu ya wazi namna hiyo, sikatai. Ila hiyo ni kesi ya kufungua baada ya hisa kuondoka, kwa gharama zake na muda wake. Kwenye karatasi ya mteja andika kile ambacho mkataba wenyewe unazuia, halafu sehemu nyingine kabisa uandike kile ambacho hakimu anaweza kukizuia. Usivichanganye.

---

Chuma

Samahani wakuu, mimi nimechanganyikiwa kidogo. Haki ya kununua kwanza si ile ya kampuni ikitoa hisa mpya unapewa nafasi ya kununua ili asilimia yako isishuke? Sasa A hatoi hisa mpya, anauza zake. Mbona inaingia?

---

Kalamu Nyekundu

Chuma, hizo ni haki mbili na mara nyingi zinakaa kwenye vifungu tofauti. Hiyo unayoisema ni ya hisa mpya. Hii ya A ni ya hisa zilizopo zinapobadilisha mkono. Lakini swali lako lina faida kubwa kwa uzi huu, kwa sababu kifungu cha 12 kinapima asilimia 75 ya "hisa zilizotolewa". Hisa mpya zikitolewa, kipimo kinahama. Sitaki_Haraka, angalia mkataba unasemaje kuhusu hisa mpya, hasa zile za wafanyakazi. Hapo ndipo watu hupenda kuweka "isipokuwa".

---

Sitaki_Haraka

Nimeangalia. Kifungu cha 8 kinawapa wanahisa haki kwenye hisa mpya, isipokuwa hisa za mpango wa wafanyakazi hadi 100,000. Hizo hazipitii kwetu.

Nirudi kwenye notisi. Nikifuata hesabu yako, mteja anatakiwa B asifike 750,000. Kwa hiyo mteja anatakiwa awe na angalau 250,001, maana yake anunue 50,001 tu. Kwa bei ya 10 ni 500,010. Haki yake kwa uwiano ni kubwa kuliko hapo: 200 kwa 520 ya hisa 480,000, kama 184,615. Hizo zote hazimudu, ila 50,001 anazimudu. Shida ni 10.6: "Muuzaji anaweza kuweka sharti kwamba hisa zote zilizotajwa zichukuliwe, la sivyo hakuna hata moja itakayouzwa kwa wanahisa." Na A ameliweka sharti hilo kwenye notisi. Je, si limemfunga mteja? Hawezi kuchukua 50,001 peke yake.

---

Mzee wa Bodi

Hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Sharti la yote au hakuna linaua haki ya mnyonge. Bora asubiri.

---

Kalamu Nyekundu

Lingemuua kama angekuwa peke yake kwenye chumba. Tuyapitie yanayoweza kutokea.

B akikataa kununua, hisa hazijachukuliwa zote, sharti linavunja ofa, na A anakwenda kumuuzia mtu wa nje. Huyo wa nje atakuwa na asilimia 48, B 32, mteja 20. Hakuna anayeburuta peke yake, wanatakiwa wawili waungane. Mteja yuko palepale alipokuwa jana.

B akitaka kununua zote ili afike 80, basi ni B mwenyewe anayejaza sharti la A. Mteja aombe 50,001, B ataomba sehemu yake ya uwiano, kama 295,385, na za ziada hadi zilizobaki ziishe. Jumla 480,000 zimechukuliwa, A ameridhika, na B ataishia 749,999. Mradi kifungu cha 10 kinasema kila mmoja anatangulia kupewa hadi sehemu yake ya uwiano kabla ya maombi ya ziada kugawanywa, B hana namna ya kumnyima mteja hizo 50,001.

Kwa hiyo ombi la mteja halina nguvu pale ambapo hahitaji kinga, na lina nguvu pale anapoihitaji. Likikosa mwenza linaanguka na hatoi hata senti. Thibitisha tu mambo mawili: kwamba kuomba pungufu ya uwiano kunaruhusiwa, na kwamba hela inadaiwa baada ya mgao, si siku ya kuomba.

Sasa hisa za wafanyakazi. Zikitolewa 100,000, jumla inakuwa 1,100,000. Mteja mwenye 250,001 anashuka hadi asilimia 22.73. Waliobaki wote wakiungana wanavuka 75. B peke yake hafiki, atahitaji wenye hisa 75,001 kati ya hizo 100,000 za wafanyakazi, maana anatakiwa kufika 825,000. Nani anapiga kura za hisa hizo? Kama zinashikwa na mdhamini anayeteuliwa na bodi, na bodi ni ya B, basi hesabu ya kujikinga ni zaidi ya 275,000, sio 250,001.

---

Dada Mkubwa

Nawasoma kwa makini kwa sababu yamenikuta. Mimi nilikuwa na hisa kwenye kampuni, mwenzangu akahamishia hisa zake kwenye kampuni yake anayoimiliki yote. Mkataba ulimruhusu, kama huo wa kwenu kifungu cha 9. Sikuona ubaya. Miezi michache baadaye akaiuza ile kampuni yake kwa mtu nisiyemjua. Rejista ya kwetu haikubadilika hata herufi. Mwanahisa ni kampuni ileile, mwenye kampuni ndiye mpya. Haki yangu ya kununua kwanza haikuwahi kugongwa mlango. Sitaki_Haraka, umeangalia hilo?

---

Sitaki_Haraka

Dada pole sana, na ahsante. Sikuliangalia. Nimerudi sasa hivi: 9.3 inaruhusu kuhamishia kampuni inayomilikiwa yote, na inaishia hapo. Hakuna sentensi inayosema ikikoma kumilikiwa yote hisa zirudishwe.

---

Kalamu Nyekundu

Dada Mkubwa ameleta kitu cha maana sana. Kwenye ruhusa za namna hii tafuta sentensi ya kurudisha. Ikiwa haipo kwenye kifungu cha 9, nenda kifungu cha maana ya maneno, uone "kuhamisha" kumeelezwaje. Kama maelezo yanagusa kuuza maslahi yoyote kwenye hisa, moja kwa moja au kupitia mtu mwingine, au kubadilika kwa umiliki wa mwanahisa ambaye ni kampuni, bado una pa kushika. Kama yanazungumzia hati ya uhamisho na kusajiliwa tu, huna.

Mahakama husoma maneno hayo kwa karibu mno. Ipo kesi ya Lyle & Scott ya mwaka 1959, iliyofika Baraza la Mabwana kule Uingereza. Wanahisa walikubali kumuuzia mtu wa nje, wakapokea fedha, wakampa uwezo wa kupiga kura zao, ila hawakupeleka hati za uhamisho zisajiliwe. Katiba ya kampuni ilimtaka mwanahisa anayetaka kuhamisha hisa atoe taarifa kwanza ili wenzake wapate nafasi ya kununua. Mabwana wakaamua kwamba aliyekwisha kuuza na kula fedha hawezi kudai kwamba hataki kuhamisha. Kampuni, iliyodai utaratibu huo ufuatwe, ilishinda, lakini ilishinda kwa maneno ya katiba ile. Kesi ya Dada ni nyingine, kwa sababu aliyeuza hakuwa mwanahisa, alikuwa mwenye mwanahisa.

Kwa mteja wako: andika kwamba A anaweza kuifuta notisi hii kesho, akahamishia hisa kwenye kampuni yake, kisha akaiuza kampuni kwa B. B atafika 80 bila kifungu cha 10 kuamka. Angalia kama notisi ikishatolewa inaweza kufutwa.

---

Sitaki_Haraka

10.2: notisi haifutiki bila ridhaa ya wanahisa wengine wote. Hapo nashukuru.

Nimalizie na mkwamo, maana naona ndicho kinachoninyima usingizi sasa. Kifungu cha 15 kinasema mkwamo ni pale pendekezo la jambo lililo Jedwali la 3 linapokosa ridhaa kwenye vikao viwili mfululizo. Mteja ana kura ya turufu kwenye mambo yote ya jedwali hilo: mikopo mikubwa, kubadili biashara, kuuza mali kuu. Kisha "mwanahisa mwenye asilimia 30 au zaidi" anaweza kutoa notisi ya bei, na anayeipokea ana siku 30 kuchagua.

---

Chuma

Sasa hii si nzuri kwake? Mwenzake akitaja bei ya chini, yeye ananunua kwa hiyo bei ya chini. Kwa hiyo mwenzake ataogopa kutaja ya chini.

---

Kalamu Nyekundu

Chuma, hivyo ndivyo kifungu kilivyokusudiwa, na kwa watu wawili wenye hisa sawa na mifuko sawa kinafanya kazi. Hapa tazama. Tuseme mteja amefanikiwa, ana 250,001, B ana 749,999. B analeta pendekezo la mkopo mkubwa. Mteja anakataa, ndiyo haki yake. Kikao cha pili, anakataa tena. Mkwamo umezaliwa. B anataja bei ya 6, wakati A ameuza juzi kwa 10. Mteja akitaka kununua anahitaji 749,999 mara 6, yaani 4,499,994, ndani ya siku 30, na ndio kwanza ametoka kulipa 500,010. Asipopata, anauza zake kwa 1,500,006. B anatafuta milioni moja na nusu, mteja anatafuta milioni nne na nusu. Bei ya 6 ni bei ya mtu anayejua mwenzake hana hela.

Tena mteja hafiki 30, kwa hiyo yeye hawezi kutoa notisi hiyo, anaweza kupokea tu. Kura ya turufu ya Jedwali la 3, ambayo wengi wangeiandika kwenye karatasi kama ulinzi wake mkuu, ndiyo inayompa B ufunguo. Iandike kwenye mstari mmoja na kifungu cha 15: kukataa mara mbili kunampa B haki ya kutaja bei.

Anaweza kufika 30? Atahitaji 300,000, yaani anunue 100,000, iko ndani ya uwiano wake. Hapo naye atakuwa na haki ya kutaja bei, na atakuwa amevuka 275,000 za hofu ya wafanyakazi. Gharama ni 1,000,000. Hilo ni la mteja kuamua na mfuko wake.

---

Mzee wa Bodi

Hapa nakubali nilikuwa naangalia upande mmoja. Ila niongeze la vikao: soma akidi. Kwenye bodi nilizokaa, kuna mikataba ambayo mtu asipohudhuria, kikao kinaahirishwa, cha pili kinaendelea bila yeye. Mingine kutohudhuria kunahesabiwa kama kukataa. Mteja asije akadhani kukaa nyumbani kunamwepusha na mkwamo.

Na sikubaliani na Kalamu kwamba B atapata kirahisi. Mteja anaweza kutafuta mfadhili wa kumkopesha hizo milioni nne na nusu. Kampuni iliyouzwa kwa 10 ikitajwa kwa 6, wenye fedha watakuja wenyewe.

---

Kalamu Nyekundu

La akidi ni kweli tupu, liingie. La mfadhili linategemea kama siku 30 zinatosha mtu wa nje kukagua vitabu, na kama mteja anaruhusiwa na kifungu cha usiri kumwonyesha vitabu hivyo. Nimeona mikataba inayomfunga pale pale. Sitaki_Haraka, uliangalie.

Lakini kabla ya yote, siku 21 zinaanza lini?

---

Sitaki_Haraka

Kifungu cha 10.3 kinasema "siku 21 tangu tarehe ya notisi". Notisi yenyewe imeandikwa tarehe ya Jumatano. Barua pepe iliingia Ijumaa saa 11:40 jioni. Kifungu cha 22 kinasema barua pepe iliyoingia baada ya saa 11:00 jioni inahesabika kupokelewa siku ya kazi inayofuata, yaani Jumatatu. Nilikuwa nimemwandikia mteja mwisho ni Jumatatu ya wiki tatu kutoka pale.

Nikisoma 10.3 kama ilivyo, mwisho ni Jumatano iliyotangulia. Siku tano zimepotea. Tena katiba ya kampuni inasema siku 30, na mkataba unasema vikipingana, wanahisa watabadilisha katiba ifuate mkataba. Hawajawahi kuibadilisha.

---

Dada Mkubwa

Chukua ya mapema. Mwenzio asije akakuambia ulichelewa kwa sababu ulichagua kalenda inayokupendeza.

---

Kalamu Nyekundu

Naungana na Dada. Hoja ya siku 30 itunze mfukoni kwa dharura, kwa sababu wengine watasema katiba ndiyo inayoifunga kampuni na rejista yake, wengine watasema wanahisa wenyewe kwa wenyewe wanafungwa na mkataba. Sipendi kuona 50,001 za mteja zikitegemea ubishi huo. Ombi liende kwa barua pepe na kwa mkono, kabla ya Jumatano, saa za kazi, likitaja idadi kamili ya hisa.

---

Sitaki_Haraka

Nimeandika upya. Sehemu ya kwanza inasomeka hivi sasa:

"Tukio: A anauza 480,000, B anataka zote. Ukikaa kimya: B anafika asilimia 80, anaweza kukuburuta kwa mtu yeyote, hata kampuni yake, bila bei ya chini (12.1, 12.7). Ukiomba 50,001: B anabaki 749,999, ila hisa za wafanyakazi zinaweza kuondoa kinga hii (8). Ukiomba 100,000: unapata pia haki ya kutaja bei kwenye mkwamo (15). Mwisho wa kuomba: Jumatano (10.3). Usihesabu Jumatatu."

Nimebakiza swali moja ambalo sijapata jibu ndani ya kurasa hizi. Asilimia 30 ya kifungu cha 15 inapimwa siku ya mkwamo au siku ya notisi ya bei? Hisa za wafanyakazi zikitolewa katikati, mteja mwenye 300,000 anashuka hadi 27.27, na haki hiyo inapotea. Aliyewahi kuona kifungu kinachoziba hapo, aniwekee maneno yake.